Nyimbo mbili juu ya akordi zilezile: kwa nini gitaa si shahidi wa kutosha

Korali mbili za hapa Lubumbashi, moja ya Katuba na nyingine ya Kenya (nasema Kenya mtaa wetu, si nchi), zilikosana kwa sababu ya kiitikio kimoja. Watu wa Katuba walisema wenzao wamewaibia wimbo. Walileta ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa karatasi: mpiga gitaa wao aliandika akordi za viitikio vyote viwili, kimoja juu ya kingine, na zikalingana bila kasoro. Do, Sol, La mineri, Fa. Wa pili ndio uliowashawishi wengi. Siku ya kupatanishwa, korali zote mbili zilisimamishwa pamoja, kila moja ikaimba wimbo wake kwa wakati mmoja, gitaa likiwa moja. Hakuna kilichogongana. Wazee wakatazamana: nyimbo zinaingiana kama chungu na kifuniko chake, basi ni wimbo mmoja.

Niliitwa kusikiliza kwa sababu nimefundisha gitaa kwa miaka mingi na vijana wa korali zote mbili wamepita kwangu. Nilikuta watu wenye akili timamu, wanaopenda muziki, wamekwisha kuamua. Nami siwalaumu, kwa maana masikio yao hayakuwadanganya. Nyimbo zile kweli zilikuwa zinaingiana. Kosa lilikuwa katika kile walichodhani kuingiana huko kunathibitisha.

Tuanze na maneno, maana ugomvi mwingi wa muziki huanzia hapo. Noti ni sauti moja: do, re, mi na wenzake. Melodi ni noti zinazofuatana moja baada ya nyingine, ile sehemu ambayo mama anaivumisha akipepeta unga bila chombo chochote. Akordi ni noti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja. Ukibonyeza do, mi na sol kwa mara moja kwenye piano, hiyo ni akordi ya Do. Katika makala hii nikiandika kwa herufi kubwa, Do, nasema akordi. Kwa herufi ndogo, do, nasema noti. Na mfuatano wa akordi, ule ambao mpiga gitaa anauandika juu ya maneno ya wimbo, nitauita mzunguko, kwa sababu katika nyimbo nyingi za leo unarudi na kurudi kama gurudumu.

Fikiria nyumba. Akordi ni nguzo na kenchi, melodi ni watu wanaoishi ndani. Ukipita Kamalondo utaona nyumba kumi zilizojengwa kwa ramani moja: sebule pale, vyumba viwili huku, jiko nyuma. Huwezi kumwambia jirani kwamba amekuibia familia yako kwa sababu milango yenu inatazama upande mmoja.

Lakini kwa nini ramani ziwe chache hivyo? Watu hudhani ni uvivu wa watunzi wa siku hizi. Sababu ya kweli iko ndani ya ngazi yenyewe ya noti saba, na mtu yeyote anaweza kuihakikisha kwa kalamu.

Andika noti saba: do, re, mi, fa, sol, la, si. Akordi ya kawaida hujengwa kwa kuruka noti moja moja. Ukianza na do, unaruka re, unachukua mi, unaruka fa, unachukua sol. Hiyo ni Do. Ukianza na fa unapata fa, la, do. Ukianza na sol unapata sol, si, re. Sasa kusanya noti za akordi hizo tatu: do, mi, sol, fa, la, si, re. Zote saba zimo. Maana yake ni kwamba melodi yoyote inayotumia noti hizo saba, hata iwe ya nani, kila noti yake itapata mahali pa kukalia ndani ya mojawapo ya akordi hizo tatu. Ndiyo sababu kijana anayejifunza gitaa, akishajua Do, Fa na Sol, anaweza kusindikiza nusu ya kitabu cha nyimbo za kanisani kabla mwezi haujaisha. Nimewaona wengi.

Katika ngazi ileile unaweza kujenga akordi nyingine nne, kuanzia re, mi, la na si. Ile ya si ina ukali ambao nyimbo nyepesi huukwepa, kwa hiyo zinabaki sita za kutumia kila siku. Katika zile zilizoongezeka, La mineri ndiyo inayopendwa kuliko zote. Noti zake ni la, do, mi. Angalia: do na mi zimo pia katika Do, la na do zimo pia katika Fa. Ni kama mtu aliyezaliwa upande wa mama huku na upande wa baba kule, kila nyumba anaingia bila kupiga hodi. Kuiingiza katikati ya Do na Fa hakuhitaji kusogeza vidole vingi, na inaleta huzuni kidogo bila kuvunja wimbo.

Kisha kuna mvuto. Noti si iko karibu sana na do, na sikio lililozoea muziki huu likiisikia linangoja do ifuate. Akordi ya Sol imebeba si ndani yake. Kwa hiyo Sol inatuacha tukingoja, Do inatupumzisha. Karibu kila mzunguko unaopendwa unacheza mchezo huo: kutoka nyumbani, kutembea, kungoja, kurudi. Njia za kutoka na kurudi kwa akordi tatu au nne haziwezi kuwa nyingi.

Hesabu yenyewe inashangaza. Chukua akordi nne za ugomvi wetu: Do, Sol, La mineri, Fa. Ukizipanga kila namna, kila moja ikitokea mara moja, unapata mipangilio 24. Lakini gurudumu halina mwanzo. La mineri, Fa, Do, Sol ni mzunguko uleule wa Katuba, umeanzia katikati tu. Kila mzunguko unaweza kuanzia mahali panne, kwa hiyo 24 inagawanywa kwa 4, na mizunguko iliyo tofauti kweli inabaki 6. Sita! Na nyimbo zinazozungushwa juu ya akordi hizo nne duniani hazihesabiki. Kugongana katika akordi si bahati mbaya wala si wizi. Ni jambo ambalo halikwepeki.

Sasa linganisha na melodi. Chukua noti nane tu zinazofuatana, kila moja ichaguliwe kati ya saba. Saba mara saba mara saba, hadi saba zitimie nane, unapata mifuatano 5,764,801. Mingi kati yake haiimbiki, nakubali, na bado hatujagusa urefu wa kila noti, wala pale pigo zito la ngoma linapoangukia. Hata ukitupa sehemu kubwa, inayobaki ni bahari, na akordi zetu ni kikombe.

Mfano unaojulikana kila mahali: wimbo wa Beatles wa mwaka 1970, Let It Be, na wimbo wa Bob Marley wa mwaka 1974, No Woman, No Cry. Ukizipiga katika toni ya Do, yaani do ikiwa nyumbani kwa wimbo, zote mbili huanza kwa Do, Sol, La mineri, Fa. Ni akordi zetu zilezile za Katuba na Kenya. Baada ya hapo wa kwanza unaenda Do, Sol, Fa, Do. Wa pili unaenda Do, Fa, Do, Sol. Je, umewahi kumsikia mtu akianza kuimba mmoja akajikuta yuko ndani ya mwingine? Melodi hazifanani, mwendo haufanani, pumzi za mwimbaji hazifanani. Akordi nne za mwanzo ndizo tu zinazofanana.

Nasi wa Katanga tusihitaji kwenda mbali. Mwaka 1952 mrekodi wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na lile gitaa la wimbo wake Masanga likasikika hadi mbali sana na hapa. Uhai wa mkono wake hauko katika wingi wa akordi. Uko katika jinsi kidole gumba kinavyotembea chini wakati vidole vingine vinajibizana juu. Na katika sebene, akordi tatu, kwa mfano Do, Fa, Sol na kurudi Fa, zinaweza kuzunguka dakika tano nzima huku mpiga solo akibadilisha maneno yake kila mara. Tunaitambua sebene kwa solo yake. Gurudumu lililo chini ni la wote.

Turudi kwenye ugomvi, maana hapa ndipo kuna funzo la kazi.

Niliomba vitu vitatu. Kwanza, vyombo vyote vizimwe, hata ngoma ya piano. Hili lilikuwa muhimu kuliko nilivyodhani, kwa sababu korali zote mbili zilikuwa zikitumia mdundo uleule uliohifadhiwa ndani ya piano ya umeme, kwa kasi ileile. Sikio linapopewa mdundo mmoja na akordi moja, linaanza kusema "moja" kabla melodi haijafika. Pili, maneno yatolewe, kila korali iimbe kwa "la la la". Tatu, mwimbaji mmoja tu aimbe, si wote, ili sauti za pili na za tatu zisifunike ile ya kwanza.

Kisha nikaandika kwa namba. Hii si siri ya wasomi: noti ya nyumbani, ile ambayo wimbo unapumzikia, ni 1, inayofuata juu yake ni 2, hadi 7. Kiitikio cha Katuba kilikuwa hivi, mstari mmoja kwa kila akordi:

3 3 4 3 (juu ya Do)
2 2 3 2 (juu ya Sol)
1 1 2 1 (juu ya La mineri)
6 1 1 (juu ya Fa, na hiyo 6 ni ya chini)

Kiitikio cha Kenya:

1 3 5 (juu ya Do)
5 6 7 (juu ya Sol)
1 7 6 (juu ya La mineri, na hiyo 1 ni ya juu)
6 5 4 (juu ya Fa)

Huhitaji kujua kusoma muziki kuona tofauti. Wa Katuba unaanzia katikati na kushuka ngazi moja moja, kila mara ukitikisika kidogo juu kabla ya kushuka. Wa Kenya unaanzia chini, unapanda hadi do ya juu, ndipo unateremka. Mmoja unashuka mlima, mwingine unaupanda. Umbo si moja, noti si moja, hata idadi ya noti si moja: 15 kwa 12.

"Lakini mbona ziliingiana?" aliuliza mama mmoja wa Katuba, na lilikuwa swali zuri kuliko yote siku ile.

Ziliingiana kwa sababu ya akordi, wala si kwa sababu nyingine. Tazama mstari wa kwanza. Gitaa linapiga do, mi, sol. Katuba wanakaa juu ya mi, wakigusa fa kwa kupita tu. Kenya wanaimba do, mi, sol. Noti zote zenye uzito ziko ndani ya akordi moja, kwa hiyo zikipigwa pamoja zinasikika kama akordi yenyewe imeimbwa na watu wengi. Mstari wa pili ni vilevile: Katuba wako juu ya re, Kenya wanaanzia sol na kumalizia si, na zote tatu ni noti za akordi ya Sol. Endelea hadi mwisho, utaona jambo lilelile. Wimbo wowote uliotungwa vizuri juu ya mzunguko huu, kwa kasi hii, utaingiana na mwenzake. Unaweza kuleta korali ya tatu na ya nne. Kwa hiyo jaribio la kuimbisha nyimbo mbili pamoja linapima kitu kimoja tu: kama mzunguko ni uleule. Na hilo tulishalijua kutoka kwenye karatasi. Ushahidi wa pili ulikuwa ushahidi wa kwanza uliovaa nguo nyingine.

Kosa hilohilo limewahi kufika mahakamani, mbali na hapa. Warithi wa Ed Townsend, aliyeshiriki kuandika Let's Get It On ya Marvin Gaye ya mwaka 1973, walimshtaki Ed Sheeran kwa wimbo wake Thinking Out Loud wa mwaka 2014. Sehemu kubwa ya kesi ilihusu akordi nne zinazopanda kwa namna inayofanana sana, pamoja na mdundo wake. Sheeran alipiga gitaa lake palepale kizimbani kuonyesha jinsi mwendo huo ulivyo wa kawaida. Mwezi wa tano mwaka 2023, baraza la raia waliosikiliza kesi ile New York liliamua kwamba alitunga mwenyewe, hakunakili. Sisemi kwamba kila kesi ya nyimbo itaishia hivyo. Melodi ikinakiliwa, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Hadi hapa nimesema juu ya akordi zinazofanana zikituonyesha undugu usiokuwepo. Upande wa pili wa kosa ni mgumu zaidi kuuona: akordi zinazotofautiana zikituficha undugu uliopo. Nao ulitokea palepale, mbele ya macho yetu.

Tulipokuwa tunaimba "la la la" ya Katuba, kambo wa mmoja wa vijana, mama mzee aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alianza kuvumisha pamoja nasi. Alikuwa anaimba noti zinazofuata kabla mwimbaji hajazifikia. Nikamwuliza: "Mama, wimbo huu unaujua?" Akasema ni wa kubembelezea watoto, aliuimba tangu msichana, na marehemu mume wake alikuwa akiusindikiza kwa gitaa. Kijana mmoja akakimbia kuleta kitabu cha zamani cha yule mzee. Juu ya mstari huo alikuwa ameandika akordi: Sol, Re, Sol, Do.

Weka karatasi mbili mezani. Moja inasema Do, Sol, La mineri, Fa. Nyingine inasema Sol, Re, Sol, Do. Mtu anayetafuta wimbo kwa akordi angeitupa ya pili bila kufikiri. Lakini ziko tofauti kwa mambo mawili tu, na hakuna hata moja linalogusa melodi.

La kwanza ni toni. Mzee alipiga wimbo katika toni ya Sol, yaani nyumbani kwake ni sol badala ya do. Katika toni hiyo, kile sisi tunachoita 3 3 4 3 kinasikika si si do si. Majina ya noti yote yamehama, lakini umbali kati yao ni uleule, kama familia iliyohama Ruashi kwenda Kampemba na vyombo vyake vyote. Ukitafsiri akordi za mzee kwa namba za nyumbani, unapata 1, 5, 1, 4. Za Katuba ni 1, 5, 6, 4. Ghafla zimekaribiana sana. Kwa hiyo anayelinganisha kwa majina ya akordi bila kuyageuza kuwa namba anafanya makosa mawili kwa mpigo: anakusanya nyimbo za watu wasiohusiana kwa sababu zimeandikwa katika Do, na anaupoteza wimbo anaoutafuta kwa sababu umeandikwa katika Sol. Kapo, kile kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa, inaongeza vurugu. Ukiifunga kwenye kibanzi cha pili na kushika umbo la Do, kinachosikika ni Re, lakini wengi wataandika Do kwa sababu ndilo umbo la vidole vyao.

La pili ni yule ndugu wa pande mbili, La mineri. Mstari wa tatu wa wimbo ni 1 1 2 1. Noti 1 imo ndani ya akordi ya 1 na imo ndani ya akordi ya 6. Mzee aliisindikiza kwa ya 1, vijana kwa ya 6. Melodi haikusogea hata nywele. Kila mpiga gitaa hufanya mabadiliko ya namna hiyo, wakati mwingine bila kujua, kwa sababu amechoka na akordi moja au anataka kiitikio kilie kidogo. Melodi moja inaweza kuvalishwa akordi za namna nyingi. Sasa unaona kwa nini njia ya akordi inapotosha pande zote mbili: melodi nyingi hukaa juu ya akordi moja, na akordi nyingi hukaa chini ya melodi moja.

Mfano wa mwisho kabisa wa hili ni Frère Jacques, tuliyoimba shuleni. Wimbo mzima unaweza kusindikizwa kwa akordi moja tu, Do, tangu mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana watoto wanaweza kuuimba kwa kupokezana makundi bila kugongana. Jaribu kuutafuta wimbo huo ukiwa na neno moja, "Do". Lakini mwambie mtu "1 2 3 1, 1 2 3 1, 3 4 5, 3 4 5", atacheka kwa furaha na kuuimba. Hata bila namba, unaweza kusema tu juu, juu, chini. Sawa, juu, juu, chini. Juu, juu, juu. Chini, juu, juu. Mwingereza Denys Parsons alichapisha mwaka 1975 kitabu kizima kinachopanga maelfu ya melodi kwa njia hiyo: noti inapanda, inashuka au inarudia. Hakuna akordi hata moja katika kupanga huko.

Watu wengine waliniuliza siku ile kuhusu simu zinazotambua wimbo unaopigwa redioni. Wanadhani zinasikiliza akordi. Shazam, kwa mfano, inalinganisha alama za sauti za rekodi yenyewe, yaani vilele vya nguvu katika sauti ile na muda vinapotokea. Inatambua rekodi. Korali ikiuimba upya wimbo huohuo kanisani, hiyo ni sauti nyingine, na ukimya wa simu hauthibitishi kwamba wimbo ni mpya.

Basi akordi hazina kazi kabisa katika kutambua wimbo? Zina kazi, ila ndogo. Akordi isiyo ya kawaida, iliyotoka nje ya ngazi na kuwekwa mahali pasipotarajiwa, ikitokea katika nyimbo mbili pamoja na melodi inayofanana, inaongeza uzito. Mstari wa besi wenye umbo lake mwenyewe pia unasema kitu, kwa sababu huo ni melodi ya chini. Na hata melodi ina mpaka wake: noti nne za kwanza za Katuba, 3 3 4 3, peke yake si kitu, zimo katika nyimbo nyingi. Nilichokiamini ni kwamba noti zote 15 zilifuatana sawasawa na za mama mzee, na noti ndefu ziliangukia pigo lilelile. Hapo nafasi ya kugongana kwa bahati inakuwa nyembamba sana.

Watu wa Kenya walifutiwa neno la wizi siku ileile. Kijana wa Katuba aliyeleta wimbo alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba alilelewa nyumba moja na kambo huyo hadi miaka sita. Hakukumbuka kuusikia. Namwamini, melodi ya kubembelezewa huingia kabla mtoto hajajua kwamba kuna kitu kinaitwa wimbo.

Nilimwomba mama mzee arudie kipande cha mwisho, nikaandika: 6 1 1. Maestro wa Katuba akachukua kalamu yangu, akakata jina lililokuwa mahali pa mtunzi kwenye karatasi yao, akaandika "melodi ya zamani", na pembeni yake akaacha nafasi tupu, ikiwa siku moja tutapata jina la aliyeuimba wa kwanza.